Mrejesho: Kuskani hati kwa kamera ya simu

Niliuliza: “Nikiskani hati kwa simu, kurasa hutoka zimepinda na zina kivuli. Nifanyeje?”

Nawashukuru nyote. Ushauri wa kutandika kitambaa cheusi ndio uliofaa zaidi, kwani juu ya meza yangu nyeupe programu haikuweza kutofautisha ukingo wa karatasi na meza yenyewe. Kivuli kiliondoka nilipozima flashi na taa ya dari, nikasogeza meza karibu na dirisha ili mwanga uingie kwa ubavuni. Upigaji wa kiotomatiki nimeuzima, maana ulifyatua kabla mkono haujatulia. Sasa napiga mwenyewe, kisha navuta pembe nne kwa kidole. Ukurasa wenye mkunjo, hata hivyo, bado mistari yake hupinda, na muhuri wa bluu uliofifia hupotea nikihifadhi kwa nyeusi na nyeupe, hivyo ukurasa wenye muhuri huo nimeuhifadhi kwa rangi.