Kuingia YouTube ya kwenye tivii kwa namba unazoandika kwenye simu: tupeane uzoefu

Baba Wawili, Nyegezi
Wakuu, naanza na yangu. Nyumbani hakuna waifai, tivii inatumia hotspoti ya simu yangu. Juzi nawafungulia watoto YouTube, tivii ikaleta herufi na namba, ikasema niende yt.be/activate. Nikaziandika kwenye simu, ikakubali. Tivii kimya. Nikarudia mara tatu, kila mara namba mpya. Kumbe kila nikishika simu nilikuwa nazima hotspoti, naogopa bando lisikatike. Mara ya nne niliiacha ikiwaka, na kabla sijaweka simu chini jina langu likatokea kwenye kioo. Nyie ilikuwaje?

Mtoto wa Pasiansi
Simu na tivii lazima ziwe kwenye waifai moja mkuu, ndiyo sababu.

Fundi Igoma
Hapana ndugu yangu, hiyo ni pale unaporusha video kutoka simu kwenda kwenye tivii. Kwa namba hizi simu inaweza kuwa na laini yake, hata ukiwa Sengerema. Tivii inauliza mtandaoni kila baada ya sekunde chache, "Kuna mtu amenikubali?" Kwa Baba Wawili jibu lilikuwepo, ila tivii haikuwa na intaneti ya kuuliza. Na namba zina muda, zikipitwa omba nyingine.

Mzee wa Dagaa
Mimi king'amuzi kinaleta namba na kusema hakuna mawimbi. Niziandike wapi?

Fundi Igoma
Shikamoo mzee. Hiyo ni namba ya hitilafu, haiandikwi popote. Kagua waya wa dishi kwanza.

Mama Kirumba
Mimi niliumia. Sikuandika anwani iliyo kwenye kioo, nilitafuta jina tu, nikafungua ukurasa wa kwanza. Ulifanana kabisa! Nikaweka namba, wakasema tivii ina tatizo, nilipie ifunguliwe. Nikatuma 15,000. Jamani, YouTube haidai hela kwa kuingia. Andikeni herufi kwa herufi kile tivii inachoonyesha.

Fundi Igoma
Pole sana dada. Na mtu akikutumia namba WhatsApp akuombe uzikubali, kataa, maana tivii yake itaingia kwa akaunti yako. Akaunti iliyo wazi kwenye simu ndiyo inayokwenda kwenye tivii, hakuna nywila itakayoulizwa pale kwenye kioo.

Msafiri wa Ukerewe
Hapo ndipo nilipo. Nililala gesti Nansio, nikaingia kwa akaunti yangu, asubuhi nikawahi meli bila kutoka. Sasa napendekezewa katuni na mahubiri nisiyoyajua.

Fundi Igoma
Fungua myaccount.google.com, sehemu ya usalama, tafuta vifaa vyako, uitoe hiyo tivii.

Msafiri wa Ukerewe
Nimeona tivii mbili zenye jina lilelile, moja ni ya nyumbani. Nitoe ipi?

Baba Wawili, Nyegezi
Zitoe zote, ya nyumbani utaiingiza upya.

Msafiri wa Ukerewe
Nimezitoa. Nasubiri kuona kama katuni zitakoma.