Naomba ushauri: kesho tunazindua, leo nimekuta modemu chini ya meza

Wakuu, shikamooni. Mimi ni mratibu, miezi minne tu kazini. Kesho saa 2 asubuhi tunazindua huduma ya kutuma bei za dagaa kwa meseji, pale mwaloni Kirumba.

Usiku huu nimechomoa laptopu kuukuu chini ya meza ili nichaji simu. Meseji ya majaribio iliyofuata ikagoma. Kumbe zote zinapita kwenye modemu iliyochomekwa humo, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole za kijana aliyeshaacha kazi! Kwenye orodha ya vifaa haimo.

Nimeirudisha, zinaenda. Ila akiifunga laini, au umeme ukikatika (betri imekufa), tumekwisha.

Nimwamshe bosi tuahirishe? Au nianze na wachuuzi 20 tu, jenereta pembeni, wakati tunasajili laini ya ofisi?