Binamu kabadilisha kufuli la kibanda, mita yangu imo ndani!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi na mtoto wa mjomba wangu tuna kibanda cha ufundi simu. Yeye ana miaka 19, mimi 17. Vifaa vingi nilileta mimi, yeye alileta mkono. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: nusu kwa nusu, damu moja, tusiandikiane. Mimi nikashika vioo na betri, yeye bodi na sehemu za chaji, maana kwenye kulehemu, nisimnyime haki yake, hatetemeki.

Jioni tunamwaga droo mezani, tunagawa katikati. Sasa pigeni hesabu nami. Mteja wa kioo akilipa 10, kioo nimeshakinunua kwa 6 za mfukoni mwangu. Droo inasoma 10, kila mtu 5. Binamu anaondoka na 5 bila kugusa bisibisi. Mimi nimetoa 6, nimepata 5! Yaani kila kioo ninachobadilisha kinanila moja. Miezi mitatu nikadhani ni mimi ninayetapanya hela.

Nilipomwambia, akanijia juu: "Wewe kioo dakika 20 umemaliza. Mimi nashinda na shoti tangu asubuhi, na nusu unakula." Akanikumbusha simu ya wiki iliyopita, ilikuja imekufa kabisa. Aliweka mita kwenye mlio, ikalia pande zote mbili za kapasita, wakati ni upande mmoja tu unaopaswa kulia. Akafukiza bodi kwa moshi wa rozini hadi ikawa nyeupe, akaingiza volti 1. Kidoa kimoja kikayeyuka weupe wake. Hapo ndipo penye moto. Akaing'oa kapasita hiyo, ndogo kuliko punje ya mtama, simu ikawaka. Spea: sifuri. Hela yote ikaingia droo, nami nikachukua nusu. Hilo sina jibu nalo, ndilo linaloniudhi zaidi.

Kilichovunja kabisa ni simu niliyoibadilisha kioo, ikarudi haina picha. Binamu akaifungua, akasema nimetia skrubu ndefu kwenye tundu la fupi, ikachimba bodi. Anataka niilipe peke yangu. Nikamwambia huenda ni yeye, kwani siku ile sote tuliishika. Jana nakuta kufuli jipya. Mita, hita ya upepo na simu 5 za wateja ziko ndani. Ni haki hii?

FundiKoleo: Kijana, gawio lenu lilikosewa tangu siku ya kwanza. Spea inatoka kabla ya kugawa: 10 toa 6, zinabaki 4, kila mtu 2. Hapo unarudishiwa 6 zako na bado unapata. Lakini saa za binamu kwenye bodi nazo zihesabiwe, la sivyo atadai yeye kesho. Kuhusu skrubu, chungulieni tundu kwa darubini. Kama njia za shaba zimekwanguliwa chini, ni skrubu kweli. Za juu huungwa kwa waya mwembamba kama unywele. Zikikatika za tabaka la ndani, mara nyingi ndiyo basi. Na zile simu 5 si zako wala zake, wenyewe warudishiwe leo.

MtajiKwanza: Mwenye vifaa ndiye mwenye biashara. Huyo ni kibarua wako, mlipe ujira mwachane.

FundiKoleo: @MtajiKwanza vifaa vinachakaa, kweli, alipwe kwa hilo. Lakini hita haitafuti shoti yenyewe. Walikubaliana nusu, si ujira.

Bi_Salio: Samahani, yangu hujizima ikifika asilimia 30. Itakuwa skrubu hiyo hiyo?

FundiKoleo: Hapana dada, yako ni betri imechoka. Anzia hapo.

Bi_Salio: Asante. Mimi na shemeji tuliuza vitenge hivi hivi bila kuandika, hadi leo hatusalimiani.

Mwenye uzi: Fundi, nimekuelewa kwenye spea, na hiyo 2 kwa 2 nitaidai hadi mwisho. Nimempigia binamu tangu asubuhi, hapokei. Nikaamua kupekua begi langu la kazi. Skrubu za kila simu naziweka kwenye kizibo cha chupa na kuandika juu. Kile cha simu ile nimekikuta, ndani imebaki skrubu moja. Fupi.

MtajiKwanza: Kitupe hicho kizibo.

Mwenye uzi: Nimeshakipiga picha nikamtumia binamu. Ameisoma, hajajibu.