Ulinganisho: ndege ikipoteza mawasiliano nyuma ya kilima, irudi au iendelee na safari?

Mchora_Ramani
Wakuu, nina droni ya mabawa inayotumia ArduPlane. Kazi ni kupiga picha za ukanda ulionyooka, mwisho wake uko km 18 kutoka ninaporushia. Kwenye km 6 kuna kilima kirefu, mita 150 juu ya pale ninaporushia. Ndege inaruka mita 220, kwa kipimo hichohicho cha kuanzia nyumbani. Ardhi ya upande wa pili imeinuka, kwa hiyo kule haiko juu sana. Kibali cha kuruka nje ya upeo wa macho ninacho.

Ikifika karibu km 9 telemetri inakatika, rimoti nayo inakatika, na ndege inageuza kurudi kabla ya kumaliza kazi. Nilinganishe nini na nini? Redio yenye nguvu zaidi, kuongeza muda wa kusubiri kabla haijarudi, au kuiambia iendelee tu?

Antena_Ndefu
Badilisha redio, mkuu. Mimi nilitoka miliwati 100 nikaenda wati 1, umbali ukaongezeka karibu mara tatu. Pia shusha `AIR_SPEED` ya redio kutoka 64 hadi 16. Redio ikituma polepole inasikika mbali zaidi. Amri ni hizi, na uzifanye kwenye redio zote mbili, la sivyo hazitasikilizana:

```
+++
ATS2=16
AT&W
ATZ
```

Fundi_Mkongwe
Antena_Ndefu yuko sahihi kwa uwanda wa wazi. Wati 1 dhidi ya miliwati 100 ni desibeli 10, na hiyo inakupa takriban mara tatu ya umbali. Ila hapa kinachozuia ni kilima, umbali haujafika kuwa tatizo.

Piga hesabu. Chora mstari kutoka antena yako chini, upite juu ya kilima cha mita 150 kwenye km 6. Mstari huo unapanda mita 25 kwa kila kilomita. Ndege yako iko mita 220, kwa hiyo inazama chini ya mstari kwenye km 8.8. Ndipo unapokatikiwa, si ndiyo? Ili uione ikiwa km 18 ingebidi iwe mita 450. Redio ya wati 1 itakusogeza kidogo tu, kwa mawimbi machache yanayopinda ukingoni mwa kilima.

Kuongeza muda wa kusubiri nako hakutoshi. Kutoka km 8.8 hadi 18 na kurudi ni km 18.4. Ikienda mita 18 kwa sekunde bila upepo, hiyo ni kama dakika 17 za kimya. `FS_LONG_TIMEOUT` mwisho wake ni sekunde 300.

Kwa hiyo kwenye safari hii kukatika si ajali, kuna mahali pake na saa yake. Ipange ndani ya safari.

Panga_Nne
Mimi yangu ya panga nne ikikatika inapanda kwanza ndipo inarudi, sijawahi kupata shida. Weka tu RTL, yaani irudi nyumbani yenyewe, mbona mnazungusha?

Fundi_Mkongwe
Panga_Nne, hapo ndipo watu wa mabawa wanapopoteza ndege. Panga nne ikianza RTL ikiwa juu ya kimo cha kurudi, inabaki kwenye kimo ilichonacho. Ya mabawa hushuka taratibu kuelekea `RTL_ALTITUDE`, na kimo kinachokuja nayo ni mita 100.

Chukua ndege ya ndugu yetu. Tuseme betri inailazimisha kurudi ikiwa km 18, kimo mita 220. Inaanza kushuka kwa mteremko mmoja hadi mita 100 nyumbani, yaani mita 120 ndani ya km 18. Ikibakiza km 6 itakuwa kwenye mita 140. Kilima ni mita 150. Itagonga ubavu wa kilima, nawe hutaona kitu kwa sababu bado imejificha nyuma yake.

Mchora_Ramani, kabla ya kubadilisha kingine chochote, angalia hiyo namba. Mpaka sasa imekuwa ikigeuza kwenye km 9, ikavuka kilima ikiwa bado juu. Siku ikigeuza mbali zaidi haitavuka.

Mchora_Ramani
Nimeangalia. Ni 100.

Fundi_Mkongwe
Weka 250. Halafu kwa chaguo la kuendelea:

```
THR_FAILSAFE,1
FS_SHORT_ACTN,0
FS_LONG_ACTN,0
RTL_ALTITUDE,250
```

`FS_LONG_ACTN` ikiwa 0, ndege iliyo kwenye AUTO inaendelea na safari, lakini iliyo kwenye FBWA au MANUAL bado inarudi nyumbani. Hicho ndicho unachotaka: ukikatikiwa wakati wa kuirusha kwa mkono, isiendelee ovyo. `FS_SHORT_ACTN` iache 0, maana ukiweka 1 itaanza kuzunguka hata ikiwa kwenye AUTO. Ulinzi wa betri usiuguse, `BATT_FS_LOW_ACT` ibaki 1 ili iweze kujirudisha yenyewe.

Ila hesabu kizingiti cha betri kwa upepo mbaya. Upepo wa mita 8 kwa sekunde ukiwa usoni, mwendo wako wa 18 unabaki 10, na km 18 za kurudi zinakuwa dakika 30 badala ya 17.

Sikio_la_Mbali
Mimi siafiki ndege iendelee dakika 17 bila mtu kuweza kuiita. Helikopta ikitokea upande ule utafanyaje? Kibali ni kimoja, uwezo wa kuizuia ni kingine. Hamisha kituo, urushie juu ya kilima. Ukiwa pale, mwisho wa ukanda unakuwa km 12 na unaiona yote. Hapo unaweza kurudisha `FS_LONG_ACTN` kuwa 1 na kusubiri sekunde 30, kwa sababu ikikatika hapo kweli kuna tatizo.

Kumbuka vimo vyote vinahesabiwa kutoka nyumbani. Ukirushia juu ya kilima, mita 220 za sasa zinakuwa 70. Ukisahau kubadilisha safari, ndege itaruka mita 150 juu zaidi ya kibali chako.

Fundi_Mkongwe
Kama gari linafika juu, hilo ni bora kuliko langu. Sibishi.

Panga_Nne
Nimeelewa kuhusu kushuka. Sasa na mimi nikitaka yangu iendelee?

Fundi_Mkongwe
Kwako ni `FS_OPTIONS`. Biti ya 0 ni ya rimoti, ya 1 ni ya kituo cha ardhini. Ukitaka zote mbili weka 3. Na kimo chako cha kurudi kinaanzia mita 15, kipandishe kama una miti.

Sikio_la_Mbali
Jambo moja kwa wote. Toa panga, fungua ukurasa wa kurekebisha rimoti, kisha zima rimoti huku ukitazama mstari wa chaneli 3. Mstari ukibaki palepale kana kwamba rimoti inawaka, na hali ya ndege isibadilike kwenye skrini, kipokezi kinashikilia amri ya mwisho na ndege haitajua kamwe kwamba imekatika. Parameta za kukatika kwa rimoti mlizozungumza hapa hazitafanya kazi. Kiwekeni kipokezi kiache kutuma kabisa kikipoteza rimoti.

Mchora_Ramani
Nimejaribu sasa hivi mezani. Mstari ulishuka na hali ikabadilika kwenye skrini, hapo niko salama. Njia ya juu ya kilima ipo lakini mvua ikinyesha haipitiki. Nitarushia juu siku za ukavu. Siku za mvua, kati ya kuendelea bila kuiona na kumweka mwenzangu juu ya kilima na kituo cha pili, bado sijaamua. Kuna aliyewahi kukabidhi ndege kutoka kituo kimoja kwenda kingine ikiwa angani? Redio mbili za ardhini zenye `NETID` moja zinagombana au hapana?