Naomba ushauri: mgongo wa mzee unauma usiku na mwili unaisha

Wandugu, shikamooni wakubwa. Niko Busia, upande wa Uganda. Baba ana miaka 66, na tangu Mei analalamika mgongo, katikati kabisa ya uti. Mwanzo tulisema ni jembe. Lakini jembe ameliacha miezi miwili, na maumivu bado yanamwamsha saa nane usiku. Namkuta amekaa kitandani, ameshika godoro. Mkanda wake ametoboa matundu mawili mapya kwa msumari, na chakula anakula.

Kliniki moja hapa imemdunga dikilofenaki mara nne. Inatuliza mpaka jioni, basi. Picha ya eksirei ilisemekana ni safi, ila jirani yangu muuguzi amenitia wasiwasi: mfupa lazima uliwe sana ndipo eksirei ionyeshe. Anasema maumivu ya misuli hupungua ukilala, haya hayapungui. Kwa umri wake anahofia saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, au kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huja hata bila kikohozi. Kaniuliza kama mzee anaamka kukojoa mara nyingi. Kweli, mara nne au tano.

Amenionya pia: miguu ikilegea, mkojo ukigoma au makalio yakifa ganzi, hospitali siku hiyohiyo.

Waliopitia haya, tuanze na damu ya PSA, kipimo cha tezi dume, hapa, au twende hospitali ya Mulago kule Kampala moja kwa moja kwa picha ya emarai? Pesa ni ya safari moja tu.