Mkandarasi kachelewa siku 35: tumwandikie barua ipi kati ya hizi tatu?

KatibuBweni
Habari wakuu. Ni katibu wa kamati ya ujenzi ya shule binafsi hapa Morogoro. Tunajenga bweni la ghorofa moja, mkataba ni FIDIC kitabu chekundu cha 1999, thamani shilingi 640,000,000. Kazi ilianza 1 Machi, tarehe ya kukamilisha ni 30 Novemba. Kwa ratiba ya mkandarasi mwenyewe, slabu ilikuwa imwagwe 20 Juni. Imemwagwa 25 Julai.

Kikao kimegawanyika. Kuna wanaotaka barua ya kumkumbusha tu, mambo yasiharibike. Wengine wanataka notisi ya kudai ratiba mpya ya kufidia muda. Mwenyekiti anataka notisi kali ya kuelekea kuvunja mkataba, na ndani yake tumwamuru aongeze mafundi 20 na kufanya kazi usiku.

Niseme na la upande wetu: tulibadilisha mpangilio wa vyoo, wakasimama siku 10 kusubiri michoro. Pia cheti cha tatu tulikilipa siku 12 baada ya muda wake. Ipi kati ya hizo tatu?

BabaJunior_Kibaha
Pole mkuu. Mimi nilimpa fundi hela yote ya kupaua, akazima simu. Dawa yao ni polisi, barua hawasomi.

KatibuBweni
Pole sana ndugu. Wetu simu anapokea na saitini yupo, tatizo ni kasi.

Mzee_wa_Saiti
Kumbukumbu ya kirafiki iondoe mezani. Haitaji kifungu, haina siku ya mwisho, na mkifika mbele ya msuluhishi itasomeka kwamba Julai mlikuwa mmeridhika.

Ya mwenyekiti nayo imewahi mno. Kifungu 15.1 kinataka kosa mahususi ambalo mkandarasi ametakiwa kulirekebisha ndani ya muda unaokubalika akashindwa. Hapo ndipo 15.2 inampa mwajiri nafasi ya kutoa notisi ya siku 14 ya kuvunja. Leo bado miezi minne, mtu yuko saitini, slabu imemwagwa. Mkivunja sasa mtabishana miaka, na bweni litabaki nguzo.

Inayowafaa ni ya kati, na kifungu chake ni 8.6: kasi ikiwa ndogo kuliko ratiba, na sababu si zile zinazompa haki ya kuongezewa muda, anaelekezwa alete ratiba mpya pamoja na maelezo ya njia atakazotumia kufidia. Gharama ni zake. Ila anayeandika ni mhandisi wenu, si kamati. Ninyi mwandikieni mhandisi.

Hayo ya mafundi 20 na usiku yafuteni kabisa. Mkimpangia njia mnageuza barua kuwa agizo, na mwezi ujao ataleta bili ya kuharakisha kazi kwa amri yenu. Mwambieni tarehe, njia achague mwenyewe.

Mkadiriaji_Dom
Naunga mkono 8.6, lakini hamuwezi kutuma chochote. Mmechelewesha malipo, na mwajiri aliyechelewesha malipo hana haki ya kulalamikia muda. Hiyo ni sheria ya kawaida kabisa.

Mzee_wa_Saiti
Mkadiriaji, hapo umesema nusu. Malipo yakichelewa anapata riba chini ya 14.8. Akitaka kupunguza kasi au kusimama kwa sababu hiyo, 16.1 inamtaka atoe notisi ya siku 21 kwanza. Katibu, alitoa?

KatibuBweni
Hapana. Hata za vyoo hakuandika, alilalamika kwa mdomo kwenye kikao cha saiti.

Mkadiriaji_Dom
Sawa, la malipo nakubali. Basi na siku 10 za vyoo zimekufa. 20.1 inampa siku 28 tangu alipojua tatizo. Asipotoa notisi hakuna kuongezewa muda. Andikeni siku 35 zote.

Mzee_wa_Saiti
Kwenye karatasi uko sahihi. Lakini mwajiri kumkata mtu fidia kwa siku alizomsimamisha yeye mwenyewe ni hoja ambayo wakili wake ataishika kwa mikono miwili. Mimi ningeandika siku 25, na zile 10 pande mbili zikubaliane kwa maandishi, tarehe iwe 10 Desemba.

Mkadiriaji_Dom
Mnagawa shilingi 6,400,000 bure, kama fidia yao ni asilimia 0.1 kwa siku. Haki ukiitoa barua ya kwanza hairudi.

KatibuBweni
Ndiyo, ni asilimia 0.1, ukomo asilimia 10. Hili la siku 10 nitamwachia mhandisi na wakili. Nikipata ratiba mpya, nitajuaje si karatasi ya kunifurahisha?

Injinia_Neema
Kaka, angalia vitu viwili. Slabu ni ya 25 Julai. Mirunda ikikaa siku 21 inatoka 15 Agosti. Akikuonyesha lipu ya vyumba vya chini inaanza 5 Agosti, mwulize mafundi watapita wapi. Akisema atatoa mirunda mapema, adai hivyo kwa majibu ya vipimo vya zege. Siku ya saba zege huwa karibu theluthi mbili tu ya nguvu yake ya siku 28.

Pili, angalia kama amefupisha kazi za mwisho bila kuongeza watu. Lipu, nyaya na rangi zilizokuwa wiki nane zikigeuka wiki nne na kundi ni lilelile, hajafidia kitu, kabana mistari tu. Ratiba ya kweli inabadilisha mpangilio: kenchi zinaungwa chini wakati tofali za juu zinapanda, na oda ya madirisha ya aluminiamu inatoka mara tu nafasi zake zikikamilika na kupimwa, bila kusubiri bati.

KatibuBweni
Asante dada. Nimeandaa rasimu ya kumpelekea mhandisi, aisaini yeye:

> *Yah: Kasi ya kazi, kifungu 8.6*
>
> Kwa ratiba yako iliyopo, slabu ya ghorofa ilipaswa kumwagwa 20 Juni. Imemwagwa 25 Julai, siku 35 baadaye. Kwa kasi hii kazi haitakamilika 30 Novemba.
>
> Kwa mujibu wa kifungu 8.6, unaelekezwa kuwasilisha kabla ya saa 10 jioni, 11 Agosti, ratiba iliyorekebishwa pamoja na maelezo ya njia utakazotumia kukamilisha ndani ya muda wa mkataba. Kwa kila kazi onyesha idadi ya mafundi, mitambo, na tarehe za kuagiza kenchi, bati na madirisha. Utekelezaji utakaguliwa kila Jumatatu saitini.
>
> Gharama za njia hizo ni zako. Barua hii haiongezi muda, wala haiondoi haki ya mwajiri ya kudai fidia ya ucheleweshaji chini ya kifungu 8.7. Kama unadai muda kwa sababu yoyote, wasilisha dai lako kwa utaratibu wa mkataba.

Injinia_Neema
Iko vizuri. Ipelekwe kwa mkono kwenye anwani iliyo kwenye mkataba, asaini kupokea. Wasapu haitoshi, labda kiambatisho chenu kiwe kinairuhusu.

Mkadiriaji_Dom
Siku 35 zimebaki, nimefurahi.

Mzee_wa_Saiti
Zimebaki kama tukio la slabu, si kama kosa lake lote. Hiyo naikubali. Sentensi ya mwisho tu ndiyo inanitia wasiwasi: mnamkaribisha alete dai la vyoo.

Injinia_Neema
Bora alilete Agosti kuliko Desemba, mzee.

Mzee_wa_Saiti
Labda. Katibu, akishajibu tuwekee hapa hiyo ratiba.