Naomba ushauri: mgongo umepanuka lakini bado ni mwembamba

Mzizima_78: Wakuu, nina kilo 78 na ninanyanyua vyuma kwa mwaka wa 3 sasa. Mabawa yametanuka kwa sababu ya kujivuta kwenye bomba, ila nikipigwa picha ya ubavuni, katikati ya makombe ya mabega ni bapa, wala misuli ya kandokando ya uti wa mgongo haionekani. Kila Jumatano ninainama na kuvuta chuma cha kilo 80 kuelekea tumboni, kisha ninamalizia kwa kuinuka kwenye benchi la mgongo. Nakosea wapi?

Chumachakavu: Ongeza uzito, mkuu, na uanze kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Mgongo wangu ulinenepa kwa njia hiyo. Usiukunje kamwe.

Kocha_Moro: Kabla ya kuongeza chochote, tuambie: chuma kinagusa wapi, na ukifika rudio la sita kiwiliwili kiko wapi?

Mzizima_78: Nimejirekodi leo. Kinagusa chini ya kitovu, viwiko vimebana mbavu, na kufikia la sita nimeshainuka karibu kusimama.

Kocha_Moro: Viwiko vikibana mbavu, mzigo mwingi unabebwa na mabawa yaleyale, na unapoinuka ni kwamba kiuno kimechoka kabla ya mgongo wa juu. Lala kifudifudi kwenye benchi lililoinuliwa kidogo, ushike dambeli za kilo 18, upeleke viwiko nje kiasi cha nyuzi 60, uvute kuelekea kifuani. Chini, acha makombe yaachane kabisa. Juu, yabane kwa sekunde 1.

Kwenye benchi la mgongo, ukikaza mgongo kinachokunjika ni nyonga, kwa hiyo makalio na nyuma ya mapaja ndiyo yanayokuinua, huku misuli ya uti ikishikilia tu. Pandisha mto hadi uizuie nyonga, jikunje taratibu kuanzia kidevuni, kisha jinyooshe pingili kwa pingili, bila uzito, mara 15.

Chumachakavu: Kuhusu viwiko nakubali. Lakini kukunja mgongo makusudi sikubali.

Kocha_Moro: Chini ya chuma kizito nipo nawe. Hapa anabeba mwili wake tu, ingawa najua makocha wenzangu wasioliruhusu zoezi hili.

Dereva_wa_Usiku: Mimi kiuno kinauma nikiendesha muda mrefu, na ganzi inashuka hadi mguuni. Nifanye hilo la benchi?

Kocha_Moro: Hapana, ndugu yangu. Ganzi inayoshuka mguuni muoneshe daktari kwanza.

Mzizima_78: Nimejaribu. Kilo 18 zilinishinda rudio la kumi, na kwa mara ya kwanza nilichoka katikati ya makombe. Ila kwenye benchi bado yanawaka mapaja.

Kocha_Moro: Basi mto uko chini. Upandishe kidogo, na usishuke mbali. Uchovu ukihamia kandokando ya uti, hapo umepapata.